Mbu wa Arobaini

Mimi ni mtunza mbu. Ukitaka kucheka, cheka umalize, tuendelee. Nawafuga kwenye maabara ya utafiti, nawalisha, nawahesabu, nawazuia wasitoke. Kwa miaka sita hakuna aliyetoka, na sifa hiyo ilikuwa imenivimbisha kichwa.

Asubuhi hiyo mdogo wangu, ambaye ndiye karani wetu, aliingia na daftari lake na mimba yake ya miezi sita. Kizimbani mlikuwa na anofelesi, yaani mbu wa malaria, majike arobaini, walionyweshwa damu yenye vimelea vya malaria wiki mbili nyuma. Chumba kilikuwa giza, kwa sababu tumewageuzia saa: mchana wetu ndio usiku wao.

"Kaka, hawa mbona wamepoa hivi? Wazima kweli?"

Sheria ya kwanza ya chumba kile ni kutopulizia kizimba. Mimi nikalegeza mlango wa kitambaa, nikapuliza, ili mdogo wangu aone. Wote wakaamka kwa pamoja. Hewa tunayoitoa kifuani ndiyo humwambia mbu kwamba chakula kipo jirani. Akisogea, harufu ya ngozi na joto la mwili humwonyesha pa kutua. Mdogo wangu alifurahi sana, nami nikajiona bingwa.

Tulipohesabu tulipata thelathini na tisa. Tukarudia, wakabaki hao hao. Mdogo wangu akainama kwa shida, akajikuna kifundo cha mguu. Palikuwa na vipele viwili vipya.

Nilimwita Daktari, mkuu wetu, mama asiyepaza sauti hata akikufukuza kazi. Alitukagua nguo, akatutoa, akafunga mlango. Kisha akaandaa mtego: feni ndogo ya kuvuta mbu, na chupa ya hamira na sukari inayotoa hewa ile ile ya pumzi.

"Vua soksi," akaniambia.

"Hizi nimezivaa tangu juzi, Daktari."

"Afadhali."

Vijidudu vya miguuni ndivyo vinavyotengeneza ile harufu, na kwa miguu yangu havijawahi kukosa ajira. Daktari alizibeba soksi zangu kwa koleo hadi kwenye mtego.

Tulikaa koridoni, mimi pekupeku.

"Kaka, kati yako na mimi, mbu yule angemchagua nani?"

Jibu nililijua. Mjamzito hupumua zaidi, na tumbo lake lina joto zaidi, kwa hiyo anofelesi humpenda zaidi. "Mimi. Unanijua miguu yangu."

"Muongo," akasema, akashika tumbo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Malaria ya mjamzito haimli mmoja.

Baada ya nusu saa mtego ulikuwa na mbu watatu. Wawili walikuwa wa mtaroni, kahawia, waliopenya kutoka nje. Mmoja wao tumbo lilikuwa jekundu. Wa tatu alikuwa na madoa mbawani, tumbo tupu. Wa arobaini.

"Basi aliyemuuma ni huyu wa mtaroni," nikasema, roho ikianza kurudi. "Huyu hata akinywa vimelea vya malaria, vinafia tumboni mwake. Habebi malaria."

"Anabeba magonjwa mengine, lakini malaria hapana," Daktari alisema. "Ila vipele ni viwili. Na mbu hutema mate kabla ya kunyonya. Huyu wako angeweza kuchoma, akafukuzwa, akaondoka na tumbo tupu."

 Alimgandisha wa arobaini kwenye friji, akamweka chini ya hadubini, akamvuta kichwa kwa sindano mbili mpaka tezi za mate zikatoka. Hata kwa anofelesi, si kila anayekunywa vimelea huambukizwa. Lazima vitoboe ukuta wa tumbo, vikue nje yake, kisha vifike kwenye mate. Vingi hufia njiani. Daktari alitazama kwa muda ambao sitaki kuurudia.

"Tezi safi," akasema. "Tumbo nalo safi. Huyu hakuambukizwa kabisa. Tutampima mdogo wako mara kwa mara hata hivyo."

Mdogo wangu alilia, mimi nikajifanya napangusa meza. Daktari akatoka kwenda kumpigia daktari wa kliniki.

Fomu ya ajali ilikuwa mbele ya mdogo wangu. Kwenye nafasi ya chanzo alikuwa ameshaandika, kwa mwandiko wake mzuri: *Kitambaa cha kizimba kilichanika.*

"Una watoto watatu, kaka," akasema bila kuniangalia. "Na mimi ndiye niliyekuuliza kama wazima."

Kile kitambaa nilikishona mwenyewe. Hakikuwa na tundu hata moja. Daktari angeagiza kipya, mwingine angekitumia, naye angeendelea kupuliza kama mimi, akiwa na dada wa mtu pembeni.

Nilichukua kalamu mkononi mwake, nikakata mstari wake, nikaandika chini yake: *Nilipuliza. Nilitaka mdogo wangu anione hodari.*

Alisoma, akakunja fomu mara mbili, akasimama kwa kushikilia bega langu, na tukaipeleka pamoja.