Mama Pasi Akataa Mkupuo

Hospitali ilimuaga Mama Pasi kwa soda, keki na jozi mbili za mashuka. Mashuka! Mwanamke aliyekuwa amefua na kunyoosha mashuka ya wagonjwa kwa miaka kumi na tisa, mpaka viganja vyake vikawa laini ajabu kwa mvuke, kama vya mtu asiyefanya kazi, anapewa mashuka. Mkurugenzi alipomkabidhi, wenzake wa chumba cha dobi waliangua kicheko, na yeye akacheka nao. Siku hiyo moyo wake ulikuwa mweupe. Alikuwa ametimiza miaka sitini, miguu imechoka kusimama kwenye sakafu yenye maji, na kila mwisho wa mwezi angekuwa anapata pensheni yake akiwa amekaa zake kibarazani. Sasa hasira ya nini?

Hasira ilimngoja kwenye ofisi ya mfuko wa pensheni, dirisha la nne.

Afisa wa dirisha hilo alikuwa binti mwenye miwani mikubwa na sauti ya kuchoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuanza kula jasho langu."

Binti akatabasamu kidogo, akabofyabofya kompyuta yake, kisha tabasamu likaondoka. Akabofya tena. Mama Pasi alimjua daktari anayetafuta maneno ya kutolea habari mbaya, maana alikuwa amewaona wengi kwenye korido za hospitali, na uso wa huyu ulikuwa wa namna hiyohiyo.

"Mama, umri umetimia, hapo hakuna tatizo. Tatizo ni michango. Ili ulipwe pensheni ya kila mwezi, lazima uwe umechangia si chini ya miaka kumi na mitano. Hapa una kumi na mitatu na nusu."

"Nimefanya kazi miaka kumi na tisa."

"Kufanya kazi ni kitu kimoja, mama. Sisi tunahesabu miezi ambayo mchango uliingia."

Mama Pasi akashika ukingo wa dirisha. Miaka mitatu ya kwanza alikuwa kibarua, analipwa mkononi kila jioni, hilo alilijua. Lakini tangu aandikwe kwenye mshahara alikuwa akikatwa kila mwezi, na kila mwezi alinung'unika na kujiambia kwamba ni akiba ya uzeeni.

"Hebu nisomee vizuri, mwanangu. Huko katikati kuna nini?"

Binti akageuza kioo cha kompyuta ili naye aone. Miezi ilikuwa imepangana vizuri, kisha ghafla pakawa patupu, miaka miwili na nusu hakuna kitu, kisha miezi ikaanza tena. Mama Pasi aliutazama ule utupu akaukumbuka. Ndio wakati ule hospitali ilipokuwa ikijenga wodi mpya ya ghorofa, saruji inarundikwa nje ya dirisha la dobi, na vumbi linarudi kwenye mashuka aliyokwisha kuyanyoosha.

"Hapo walinikata," alisema. "Walinikata kila mwezi!"

"Basi walikata na hawakuleta." Binti alipunguza sauti. "Sikiliza, mama. Ukitaka, leo hii unajaza fomu ya mkupuo. Unalipwa kilichoingia, mara moja, na jalada lako linafungwa. Au unaendelea kuchangia mwenyewe kwa hiari mpaka miaka itimie. Au unaleta malalamiko rasmi dhidi ya mwajiri, tunamdai alete alichokikata, pamoja na adhabu ya kuchelewesha. Ikiingia, utakuwa na miaka kumi na sita, na pensheni utapata. Lakini inachukua muda."

"Na nikichukua huo mkupuo, halafu nikawadai?"

"Ukishachukua mkupuo, habari ya pensheni imekwisha. Fikiri kabla hujasaini."

Nyumbani bintiye, ambaye alikuwa msusi na aliishi naye, hakutaka kufikiri. Alikuwa na mteja mmoja kibarazani, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka, na aliongea huku akivuta nywele.

"Chukua hizo hela, mama. Nifungue saluni ya maana, nikutunze mimi."

"Unitunze? Mwezi uliopita nani alilipa umeme?"

Mteja akacheka. Bintiye akanuna, akavuta nywele kwa nguvu hadi mteja akapiga yowe.

Jioni Mama Pasi alikwenda kumwona Mzee Povu. Huyu alikuwa mwendesha mashine za kufulia, aliyestaafu mwaka mmoja kabla yake, na jina lile alipewa siku alipozidisha sabuni hadi povu likatembea mpaka mapokezi. Alimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatengeneza viatu vya jirani. Wala hakuwa fundi viatu.

"Na wewe ulikuwa na pengo kwenye michango?" alimuuliza.

"Nilikuwa nalo. Mhasibu mkuu alinifuata palepale kwenye mashine na fomu imeshajazwa. Akaniambia, 'Mzee wangu, miaka haijatosha, saini hapa upate chako mapema.' Nikasaini, mikono ina sabuni. Nikanunua mashine ya kusaga nafaka, ikasaga miezi mitano, ikafa." Akapiga msumari, ukapinda. "Ndiyo hivyo, dada."

"Alikuambia kwamba wao ndio waliokula hiyo miaka?"

Mzee Povu aliinua uso. Hakuwa ameambiwa.

Usiku ule Mama Pasi hakupata usingizi, na asubuhi alikuwa mlangoni kwa mhasibu mkuu kabla mhasibu mwenyewe hajafika. Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu ya wodi ileile mpya, ina zulia na kiyoyozi. Mhasibu alikuwa mtu wa maneno matamu, fundi wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mama yetu! Karibu, karibu. Umeshatukumbuka mara hii?"

"Ile miaka miwili na nusu mliyonikata mkaipeleka wapi?"

Mhasibu alikaa, akapanga kalamu zake. "Ah, kile kipindi. Hali ilikuwa ngumu, mama. Hospitali ilikuwa inajenga wodi. Zile fedha zilitumika kwa muda tu, tukiwa na nia ya kuzirudisha."

"Nia imefika wapi?"

"Usipaze sauti, kuna wagonjwa."

"Nawajua wagonjwa kuliko wewe! Damu yao nimeifua kwa mikono hii. Nakuuliza, nia yenu imefika wapi?"

Mhasibu alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi. Ilikuwa fomu ya mkupuo, na jina lake limeshaandikwa kwa mwandiko mzuri.

"Tufanye hivi," alisema polepole. "Wewe chukua mkupuo wako, na sisi tutakuongezea kitu kidogo mkononi. Huko kwingine utazungushwa kama pia, mama. Mtu mzima kama wewe, mbio za nini?"

Kama asingetoa ile fomu, pengine Mama Pasi angeondoka shingo upande, akakata tamaa taratibu. Lakini alipoliona jina lake kwenye karatasi ambayo hakuiomba, alielewa kwamba walikuwa wanamngoja. Walijua siku atakayotimiza sitini, wakanunua keki, wakanunua mashuka, na fomu wakaiweka tayari. Damu ikampanda hadi masikioni.

"Ukuta huu ni wangu," alisema, akipiga ukuta kwa kiganja. "Na zulia hili la Mzee Povu. Umekalia uzee wa watu halafu unaniambia nisipaze sauti?"

"Mama, wewe si mfanyakazi tena hapa. Naomba utoke kabla sijaita mlinzi."

"Muite!"

Mlinzi alikuja, akamwona ni Mama Pasi aliyekuwa akimnyooshea sare yake bure miaka yote, akaangalia viatu vyake. Akamsindikiza mpaka chini kwa adabu, na walipofika njia panda ya korido akajifanya kufunga kamba ya kiatu. Mama Pasi akakata kushoto, akaingia dobi.

Mashine zote zilikuwa zinanguruma. Alizima moja, akazima ya pili, na wale wanane waliokuwemo wakasimama na mashuka mikononi.

"Mnakatwa?" aliuliza. "Nani kati yenu amewahi kwenda kuangalia kama zinafika?"

Hakuna aliyewahi. Walijua wanakatwa, basi, kama wanavyojua kwamba mvua inanyesha.

"Nendeni. Msisubiri kupewa keki ndipo mwende."

Walikwenda kwa zamu, kila mtu kwenye siku yake ya mapumziko. Wote waliokuwepo wakati wa ujenzi walikutwa na pengo lilelile. Wakaandika malalamiko pamoja na kuambatanisha karatasi za mshahara zenye makato, zile ambazo hazikuwa zimepotea, na Mama Pasi akayapeleka dirisha la nne. Yule binti aliyapokea, akayagonga muhuri, akasema, "Sasa una kesi, mama."

Mkaguzi wa mfuko alifika hospitali baada ya wiki nyingi. Kwanza aliambiwa mhasibu amesafiri, kisha akaambiwa kompyuta zimeharibika. Mara ya tatu alikuja na barua ya wanasheria, na kompyuta zikapona. Kwenye mishahara makato yalionekana wazi, mwezi kwa mwezi. Hospitali iliamriwa kulipa michango yote na adhabu juu yake, la sivyo ifikishwe mahakamani. Ikaomba kulipa kidogokidogo, ikakubaliwa. Ikachelewa, ikakumbushwa, ikalipa.

Ilichukua karibu mwaka mzima. Mwaka huo Mama Pasi alipiga pasi nguo za mtaa, amesimama kwenye miguu ileile iliyovimba, na kila shati alilibana kama analidai deni. Bintiye aliacha kutaja saluni. Siku nyingine alimwekea mama yake beseni la maji ya moto chini ya meza bila kuambiwa.

Pensheni ya kwanza ilipoingia, haikuwa kubwa. Lakini ilikuwa ya mwezi huo, na mwezi ujao ingekuja nyingine. Mama Pasi hakuimba wala hakupiga vigelegele. Alimfuata Mzee Povu kwenye ndoo yake, akamwambia avae shati safi, wakaenda dirisha la nne.

Binti wa miwani alisoma jalada kwa muda mrefu.

"Mzee, michango yako ya ile miaka nayo imelipwa. Utapewa kama nyongeza ya mkupuo, mara moja."

"Na ya kila mwezi?" aliuliza Mama Pasi.

"Haiwezekani. Alishachukua mkupuo. Jalada lilifungwa."

"Alisainishwa! Alidanganywa!"

"Mama, naelewa. Lakini saini ni yake. Labda mahakamani, na hata huko siwezi kukuahidi kitu."

Mama Pasi alitaka kuonana na mkubwa wa ofisi. Walingoja kwenye viti vya chuma hadi mchana, mkubwa akawasikiliza amesimama, akawaambia maneno yaleyale kwa Kiswahili kirefu zaidi.

Nje jua lilikuwa kali. Mzee Povu alivua shati lake safi kwa uangalifu, akabaki na fulana, akalikunja lisije likachafuka njiani.

"Usikasirike, dada," alisema. "Wewe si umepata?"

"Ndiyo maana nimekasirika," Mama Pasi alijibu, akaanza kutembea kwa haraka kuelekea hospitali, kwa yule mhasibu, na mzee ikabidi akimbiekimbie ili amfikie.