Sentensi ya Tiketi

Hebu niambie, wewe ungeweza kumwandikia mwenzako barua ya safari uliyoitamani mwenyewe, ukaiandika vizuri mpaka nukta ya mwisho?

Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Agnela. Huyu alikuwa karani wa shamba la maua pale Usa River, shamba linalokata vipandikizi na kuvipeleka Ulaya kwa ndege. Kabla ya kukalia kiti cha ofisi alisimama miaka mingi kwenye meza ya kukatia, kucha zimegeuka kijani, na ni yeye aliyemfundisha Paskalina kushika kisu. Sasa kampuni ya Uholanzi inayonunua vile vipandikizi ilitaka mtu mmoja aende akaone vinavyopokelewa na kuoteshwa kule. Meneja wao, Bwana Arnold, akamtaja Paskalina. Hakuuliza mtu. Agnela naye akaimwaga chai yake ya saa nne, akarudi kwenye faili.

Wale wenyeji wa Uholanzi wakaomba shamba liwaandikie rasimu ya barua ya mwaliko, wao wataichapa kwenye karatasi yenye nembo yao na kutia saini. Rasimu ikaangukia kwa nani? Kwa Agnela.

Akaandika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Madhumuni: kutembelea na kujifunza, si kuajiriwa. Muda: wiki mbili, na tarehe ya kufika na ya kuondoka. Gharama: mwenyeji atalipia malazi, chakula na usafiri wa kule. Ilibaki sentensi moja tu, ya kwamba tiketi ya ndege na bima ya safari zitalipwa na shamba. Hapo ndipo Paskalina alipoingia, amevaa koti zito na jua lote lile, akamwamkia Agnela kwa jina la mwanawe kama kawaida.

"Shikamoo Mama Joel! Nimelipata sokoni Tengeru. La mtumba, lakini shika hii bitana! Eti kule baridi inazidi ya Momela?"

"Marahaba. Nitajuaje? Mimi nimefika wapi?"

"Usinune basi. Nitakuletea chokoleti."

Chokoleti! Kama mtoto wa chekechea. Paskalina alipotoka, Agnela aliitazama ile nafasi ya sentensi, akaituma rasimu bila kuijaza. Uongo hakuandika hata mmoja. Kisha kwenye barua ya shamba, ile ya mwajiri, akaandika kuwa gharama ni kama zilivyoelezwa na mwenyeji. Basi barua hii ikawa inaisukumia ile ya wenyeji mzigo, na tiketi haina wa kuilipa. Bwana Arnold akasaini amesimama, simu sikioni. Ya Uholanzi nayo ikarudi imesainiwa vilevile.

Agnela alijua vizuri anachofanya. Anayepitia maombi ya viza hutaka kuona nani anampeleka mgeni na nani anamrudisha. Asipoona, hugeukia akaunti ya msafiri, na kwenye ya Paskalina mshahara huingia asubuhi, jioni umeshakuwa ada na unga. Angenyimwa.

Siku moja kabla ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam, kwenye kituo cha kupokea maombi ya viza, Paskalina alikuja kuchukua bahasha. Hakuondoka. Alivuta kigoda.

"Nisomee kwa Kiswahili, Mama Joel. Wakiniuliza nisije nikaumbuka."

Agnela akasoma. Madhumuni, muda, malazi, chakula. Akaanza kuikunja karatasi.

"Na ndege?"

"Ndege italipiwa na shamba."

"Mbona hujasoma?"

"Haijaandikwa. Nimesahau."

"Wewe?" Paskalina akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Wewe uliyenirudishia fomu ya likizo kwa sababu ya koma?"

Agnela alivuta kiti karibu na meza. Aligeukia kompyuta, akaiweka ile sentensi mahali pake, akawaandikia wenyeji kuwaomba wasaini upya leo hii. Akarekebisha na barua ya shamba, akaipeleka mwenyewe kwa Bwana Arnold, akasimama pale mpaka akasaini. Aliporudi, Paskalina alikuwa palepale, koti limelala mapajani.

Wakakaa wakisubiri. Barua pepe haiji kwa gari ukaitazamia dirishani, kwa hiyo walitazama kioo cha kompyuta tu, kama watu wanaochungulia sufuria. Mwishowe barua mpya ikaingia, saini na mhuri, tiketi ya shamba imetajwa waziwazi. Agnela akaichapa, akaikunja, akaitia kwenye bahasha. Paskalina hakuipokea.

"Nimekukosea nini, Mama Joel?"

"Hujanikosea."

"Basi sema. Tangu nitajwe hunitazami usoni. Ungeniacha niende Dar nikaaibike, halafu nirudi hapa unipe pole?"

"Ningekupa."

"Kwa nini?"

Agnela alizitazama kucha zake, safi kabisa siku hizi.

"Nilitaka kwenda mimi," alisema. "Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikumwambia mtu. Nilitaka kwenda mimi, Paskalina."