Kaburi la Mageni, Namba Thelathini na Moja

Watu wakishaambiwa kwamba unajua kusoma maandishi yaliyofutika, wanadhani unajua na kuyatunga. Hilo ndilo lililonitia mashakani mwaka huu, na nalisema mapema ili asije mtu akaniambia nilitafuta ugomvi. Ugomvi ulinifuata ofisini.

Mimi ni katibu wa parokia hapa Kharumwa. Miaka minne iliyopita niliorodhesha makaburi yote ya zamani ya parokia, jiwe kwa jiwe, na tangu hapo jina langu limekuwa la kuitwa kila mtu anapokutana na kaburi asilolielewa. Kwa hiyo mgodi ulipotaka kuchimba kilima kile cha mashariki, na makaburi yaliyokuwa juu yake yakaanza kuhamishwa, Edson, ofisa wa kuhamisha makaburi, alinijia na picha za kaburi namba thelathini na moja.

"Jiwe lenyewe liko wapi?" nilimuuliza.

"Lilikuwa la saruji, Mama Wema. Tulipolinyanyua likavunjika vipandevipande. Picha tulipiga kabla."

"Hongereni."

Hakucheka. Mifupa ilikuwa imeshatolewa, ikawekwa kwenye kisanduku kilichosubiri stoo, na familia mbili zilikuwa zinakigombania. Kwa upande mmoja alikuwepo Mama Stanslaus, jina lake mwenyewe Mbuke, mjane wa hapahapa. Alisema mle kisandukuni yumo mama yake mzazi, Mageni, aliyefariki mwaka 1969, yeye Mbuke akiwa na miaka sita. Alitaka kumzika nyumbani kwake, mahali alipokwisha kuchagua na yeye azikwe. Kwa upande wa pili alikuwepo Boaz, aliyekuja kutoka Kishapu kwa niaba ya ukoo wa baba yake Mageni, mzee Luhende. Alisema Lubinza, baba yake Mbuke, hakuwahi kutoa hata ndama mmoja wa mahari, na mwanamke asiyetolewa ng'ombe hurudi kwao, akiwa hai au mfu.

Lililowapatanisha ni kukubaliana jambo moja tu: jiwe litaamua. Kama limeandika "mke wa", anabaki. Kama limeandika "binti wa", anakwenda Kishapu. Na kikao cha kata kikasema nakala ya maandishi niiandike mimi.

Nilimwambia Edson asinitumie picha zilizopita WhatsApp zikaminywa. Alete zilezile za kwenye kamera, zote. Alileta mbili. Ya kwanza ilipigwa saa sita mchana, jua limesimama utosini, na jiwe linaonekana bapa kama meza. Ya pili ilipigwa alfajiri jua likichomoza, mwanga unatoka ubavuni, na kila mfuo uliochorwa kwa msumari kwenye saruji mbichi umejaa kivuli chake. Hiyo ya pili ndiyo jiwe lenyewe. Ya kwanza ni chokaa.

Hapa nieleze. Kwetu, kila tarehe mbili Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, watu hufyeka makaburi na kupaka herufi chokaa ili zisomeke. Ni tendo jema. Lakini herufi ikishaliwa na mvua, mwenye brashi hupaka anachokumbuka, na mwakani hupaka alichopaka mwaka jana. Baada ya miaka thelathini jiwe linasema maneno ya brashi. Kwenye picha ya mchana mstari wa tatu uling'aa: MKE WA LUBINZA. Kwenye picha ya alfajiri, chini ya chokaa hiyo, karibu hakuna kitu.

Niliandika nilichokiona, mstari kwa mstari. Herufi nzima naiandika ilivyo. Herufi niliyoiona nusu naiwekea nukta chini yake. Zilizopotea nazitia mabano ya mraba, nukta moja kwa kila herufi, kwa kupima nafasi. Nisipojua zilikuwa ngapi, naweka vistari. Ikatoka hivi:

HAPA AMELALA
MAGENI
[- - -] WA LU[. . . . .]

Pale mwanzo wa mstari wa tatu kilibaki kijiti kimoja kilichosimama. Kinaweza kuwa mguu wa M, kinaweza kuwa mgongo wa B. Na nafasi baada ya LU inatosha herufi tano: Lubinza inaingia, Luhende inaingia.

Stanslaus, mtoto wa Mbuke, alikuja kabla sijaichapa. Ni mnunuzi wa dhahabu, anavaa saa kubwa na anaingia ofisini kwa watu bila kubisha.

"Mbona umeacha mapengo?" alisema akiinama juu ya meza yangu. "Maandishi yapo. Mimi mwenyewe niliyapaka tangu niko darasa la tatu."

"Ndiyo maana nimeyaacha."

"Unanitukana?"

"Nakuambia. Hapo ulipopaka hakuna mfuo. Ulipaka ulichoambiwa."

"Mama Wema, wewe unaishi hapa. Boaz akishapata anachotaka anarudi kwao Kishapu. Sisi tutabaki tunaonana." Aligonga meza kwa kidole. "Jaza. Herufi tatu tu."

Nilimwambia atoke. Alitoka, lakini jioni ileile mtu aliondoa betri ya pikipiki yangu nje ya kanisa, na sihitaji mganga wa kuniambia ni nani. Kesho yake akaja Boaz, akiwa amesikia kwamba nimeikataa chokaa. Alidhani ameshinda. Nilipomwonyesha kwamba na BINTI sijaiandika, akaniita kibaraka wa watu wa hapa, akasema katibu wa kanisa anayehongwa laana yake hushuka kwa watoto. Nilimwambia mlango ni uleule alioingilia. Nilikuwa nimechoka na wote wawili kiasi kwamba nilitamani kisanduku kile kipotee.

Basi nilikuwa na hasira nilipougeukia mstari wa nne, niliokuwa bado sijausoma, na pengine hasira ndiyo iliyonifanya nitazame vizuri. Mstari huo hakuna aliyewahi kuuona. Udongo uliokuwa ukiporomoka kilimani ulikuwa umeufukia miaka mingi, mpaka vijana wa Edson walipochimba kulizunguka jiwe ili wapige picha. Na udongo hutunza. Mvua haikuula, brashi haikuufikia. Nilikuza picha ya alfajiri, nikaiondoa rangi, nikaisoma kwa rula tarakimu moja baada ya nyingine:

AMEZALIWA 1926 AMEKUFA 195[.]

Ufa ulikuwa umekula tarakimu ya mwisho. Nikaitazama ile iliyotangulia, nikasimama, nikafunga mlango kwa ufunguo.

Kama ile ni tano, mwanamke huyu alikufa kabla Mbuke hajazaliwa. Kama ni sita, anaweza kuwa mama yake, aliyekufa 1969. Kwenye mstari uleule fundi ameandika sita ya 1926, na sita yake ni mvuto mmoja wa msumari, unashuka umepinda na kufunga tumbo. Hii nyingine ina kofia juu, mstari mlalo uliokatwa peke yake, shingo fupi, na tumbo lililoachwa wazi kushoto. Niliipima kwenye picha zote mbili. Niliigeuza picha kichwa chini ili macho yasinidanganye kwa kutarajia. Ilikuwa tano. Nilitaka sana iwe sita. Mungu anajua nilivyotaka.

Mageni ni jina la kila kaya Usukumani, na majina yanayoanza na Lu nayo ni tele. Mtoto akizaliwa nyumba ina wageni, basi Mageni. Mbuke alikulia kwingine baada ya msiba, akarudi huku akiwa mtu mzima, mtu akamwonyesha kilima alikozikwa mama yake, na juu ya kilima akakuta jiwe moja lenye jina hilo. Makaburi mengine hayakuwa na jiwe lolote. Angefanya nini?

Ningeweza kuweka nukta chini ya tarakimu ile, alama ya wasiwasi, na wangegombana mpaka wachoke. Lakini sikuwa na wasiwasi. Niliiandika bila nukta.

Kikao kilikuwa Jumatano, ofisi ya kata, mwenyekiti mzee Onesmo. Nilisoma nakala yangu mstari kwa mstari, nikaeleza kwa nini mstari wa tatu hauwezi kuamua lolote. Watu wa Stanslaus wakaanza kunizomea. Nikasoma mstari wa nne. Nikaweka picha mezani, nikaonyesha sita na tano kwa ncha ya kalamu.

Edson ndiye aliyeelewa kwanza, akainamisha kichwa.

"Huyu siyo," nilisema. "Mama Stanslaus, shikamoo. Nisamehe. Huyu alikufa miaka ya hamsini. Wewe ni wa sitini na tatu."

Stanslaus aliruka kutoka kwenye benchi. "Badilisha hiyo! Ni sita! Kila mtu anaona ni sita!" Wanaume wawili walimshika mikono. Alikuwa ananitukana kwa Kisukuma, matusi yaliyomfanya hata mama yake amwambie anyamaze.

Boaz aliitazama picha muda mrefu. Halafu akaikunja karatasi yake ya madai, akaitia mfukoni. "Basi huyu si wa kwetu," alisema. "Sisi hatubebi maiti ya watu." Akasimama na watu wake, wakatoka, na tukasikia gari lao likiwashwa. Wiki nzima alikuwa ameniapiza kwa ajili ya mwanamke ambaye sasa hakumwachia hata salamu.

"Na yule wa kweli?" Mbuke aliuliza. Alikuwa hajanitazama. Alimuuliza Edson. "Mama yangu mwenyewe yuko wapi?"

Edson alipitisha mkono usoni, akamwita mama kwa Kisukuma. "Makaburi yasiyo na alama tuliyahamisha Machi, mayu. Yale tuliyoyatambua. Upande wa juu umeshachimbwa."

Nje lori la mawe lilipita na madirisha yakatetemeka.

Mzee Onesmo alikohoa, akavuta daftari. Alisema kwa kuwa hakuna anayedai kisanduku namba thelathini na moja, sheria ni kwamba kitakwenda makaburi ya umma na wenzake wasio na ndugu. Alikuwa ameshaanza kuandika.

"Nipeni mimi," Mbuke alisema.

"Mama, umesikia. Si mama yako."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Wewe ni nani wake, ili niandike?"

Mbuke alisimama, akajifunga khanga upya kiunoni. Sauti yake ilikuwa kali, ya kutaka ugomvi na yeyote.

"Nimempaka chokaa miaka thelathini na moja. Nimemfyekea. Nimemlilia kila Novemba nikimwita mama. Andika hivi: hana mwingine."

Mzee Onesmo aliniangalia mimi, kisha daftari. Akaandika.

Walimzika Jumamosi uani kwa Mbuke. Sikualikwa. Nikikutana naye njiani namwamkia, naye hupita kimya, na sidhani kama ataniitikia tena hapa duniani.