Zamu ya Jioni

Sikuomba sadaka. Hilo lieleweke kwanza. Niliomba kuhamishwa kutoka zamu ya asubuhi kwenda ya jioni, na mtu wa kubadilishana naye nilikuwa nimeshamtafuta mwenyewe.

Kiwandani kwetu zamu ya asubuhi ilikuwa saa moja hadi saa tisa, na ya jioni saa tisa hadi saa tano usiku. Wanawake tulikuwa asubuhi tu, katika chumba cha kuchambua chai iliyokwisha kukaushwa, vumbi lake likitujaa puani na kwenye nyusi. Bogonko wa zamu ya jioni alitaka sana nafasi yangu, maana mke wake alikuwa amejifungua na usiku hakukuwa na wa kumsaidia. Obonyo, msimamizi wetu, hakuona ubaya. Akasema niende tu kwa meneja, yeye ndiye mwenye neno.

Kanisa moja la mjini Litein lilikuwa limefungua darasa la taipu, asubuhi peke yake. Mashine zilikuwa chache, kwa hiyo asiyefika Jumatatu nafasi yake ilipewa mwingine. Nilikuwa nimengojea nafasi hiyo tangu mwaka jana, na sikutaka kuzeeka nikipiga chafya kwenye vumbi la chai.

Meneja, Bwana Kipkosgei, alinisikiliza huku akionja chai. Alivuta kijiko kimoja kwa kishindo, akatema, akahamia kikombe kingine. Kwanza aliniuliza kama kila mtu akienda kusoma, chai itachambuliwa na nani. Nikamweleza habari za Bogonko, kwamba hapatapungua mtu hata mmoja. Ndipo akaweka kijiko chini.

"Mongina, sheria ya serikali hairuhusu mama kufanya kazi kiwandani usiku. Kuanzia saa kumi na mbili unusu, mama anafaa kuwa nyumbani. Mimi nitavunja sheria kwa sababu yako?"

Nikamkumbusha mwezi wa nne, mvua ilipokolea na majani yakaja kwa wingi. Tulichambua hadi saa nne za usiku, wiki nzima, na hakuna aliyetufukuza twende nyumbani. Akasema hiyo ilikuwa dharura, tena nisimfundishe kazi. Nilitoka kwa hasira. Kumbe sheria ilikuwepo siku zote, ila ililala majani yalipomwagika na kuamka nilipotaka kusoma!

Siku mbili baadaye, Alhamisi, malori yalipanga foleni hadi barabarani, na chai ya jana yake ilikuwa bado imerundikana kwetu. Saa tisa ilipofika, Obonyo akaja na ujumbe: meneja amesema akina mama wabaki, wasaidiane na wanaume wa jioni mpaka rundo liishe.

Nilibaki, lakini nilikwenda kwa Chepchirchir, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri na kwa heshima, nikamweleza neno kwa neno niliyoambiwa ofisini. Alikuwa na watoto wanne waliolala njaa ule mwezi wa nne wakimngojea. Aliendelea kuchambua, ila kila baada ya muda aliitazama saa ya ukutani.

Ilipogonga saa kumi na mbili unusu, Chepchirchir akafungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Nami nikafungua yangu. Mmoja baada ya mwingine, wanawake wote wakafanya vivyo hivyo, na chekeche za mashine zikabaki zinatikisika bila watu. Chai ikaanza kumwagika sakafuni.

Meneja alishuka mbio. Aliuliza nani ametuambia tuache kazi.

"Ni wewe, Bwana Kipkosgei," Chepchirchir akamjibu taratibu. "Umemwambia huyu msichana saa hii sheria inataka tuwe nyumbani. Sisi tunaenda."

Meneja alitutazama, akaitazama chai, akanitazama mimi. Mkuki kwa nguruwe, lakini siku hiyo ulikuwa umemgeukia mwenyewe. Akaanza kusema kwamba sheria ina njia zake, kwamba kuna kibali cha wizara ya kazi, kwamba akipiga simu kesho asubuhi kinaweza kupatikana.

"Kumbe kinaombwa?" nikamuuliza.

Tukatoka nje, mvua ikianza.

Ijumaa kibali kilipatikana kabla ya saa sita. Obonyo aliniletea habari akicheka: anayetaka jioni aandike jina, wa kwanza ni mimi. Jumatatu nilikaa mbele ya mashine ya taipu kule Litein. Mwalimu alitaka tugonge herufi polepole kwa vidole laini, nami nikagonga kwa nguvu hadi akaniuliza mashine imenikosea nini. Simu moja tu! Na mtu alikuwa tayari ninyimwe darasa kuliko kuinyanyua.