Ilani ya Kwanza

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, Tryphosa hupanguza chupa za dawa za ng'ombe katika duka la pembejeo hapo Ekerenyo, akizipanga lebo zielekee barabarani. Jumatatu hiyo alikuwa kwenye chupa ya nne simu ilipolia. Alikuwa Mama Walter, mwenyekiti wa chama chao cha akina mama.

“Katibu wangu, leo weka ilani ya pili kwenye grupu. Wale watatu bado hawajatoa. Ya kwanza uliwatumia mwezi uliopita, sivyo?”

Tryphosa alikaza macho kwenye kitambaa mkononi mwake. “Ndiyo, mama.”

Hakuwa ametuma. Katiba ya chama ilisema mwanachama anayechelewa aandikiwe kwanza peke yake, kwa ujumbe wa kawaida wa simu, asije akaaibika. Mwezi ukiisha kimya, ilani ya pili huwekwa kwenye grupu la WhatsApp. Baada ya hapo ni siku tano tu, na aliyekwisha kupokea fedha za zamu yake halafu akaacha kuchangia hubebewa kitu alichoweka dhamana. Tryphosa alikuwa ameandika ilani zile tatu za kwanza vizuri, kisha kidole kikagoma. Mmoja wa wale watatu alikuwa Jacinta, fundi aliyemshonea rinda la mahafali ya chuo akakataa malipo, hata ya nauli. Mtu kama huyo unamdai vipi?

Sasa aliandika, akafuta, akaandika tena:

“Mama zetu na dada zetu wapendwa, salamu. Mchango wetu ni shilingi elfu mbili kila mwezi, kabla ya tarehe tano. Wenzetu watatu hawajatoa kwa miezi miwili. Hatutaji majina. Kumbukeni kuna mwenzetu anayengojea zamu yake kwa pesa hizo. Tunaomba mlipe kabla ya Jumamosi, pamoja na faini ya mia mbili kwa kila mwezi. Mwenye shida asinyamaze, aongee na mwenyekiti au nami, atasikilizwa. Atakayekaa kimya, katiba itafuatwa. Asanteni. Tryphosa, Katibu.”

Kufikia jioni wawili walikuwa wamelipa na kuomba radhi. Tryphosa alifungua orodha ya waliousoma ujumbe. Wote walikuwamo isipokuwa Jacinta. Jumanne, hakuwamo. Jumatano, hakuwamo.

“Jacinta?” mteja mmoja, jirani yake Jacinta, alimjibu. “Aliuza ile simu yake kubwa. Siku hizi ana mulika mwizi.”

Simu ile ndogo haikuwa na grupu. Ujumbe pekee ambao ungemfikia Jacinta ni ule ambao Tryphosa hakuutuma. Alishika simu autume, lakini tarehe ingemuumbua mbele ya Mama Walter. Akaiweka. Kesho, alijiambia.

Ijumaa Cleophas, mwenye pikapu, aliingia dukani akipiga mluzi.

“Katibu, nikatie kamba mita kumi. Nasikia hiyo cherehani ya Jacinta tunayobeba kesho ina meza ya chuma.”

Tryphosa aliipima mwenyewe, mita baada ya mita, akaikata.

Jumamosi walifika wanane nyumbani kwa Jacinta, Tryphosa na Cleophas wakiwamo. Mlio wa cherehani ulisikika tangu barabarani, kisha ukakatika. Jacinta alitoka na sindano mdomoni, akaitoa akicheka.

“Bwakire buya!” aliwaamkia kwa Kigusii. “Mbona wengi hivi, kuna mahari hapa? Kaeni, nibandike chai.”

Hakuna aliyekaa.

“Chai baadaye,” Mama Walter alisema. “Jacinta, zamu yako ulipokea Februari, ukanunua hiyo mashine, ukaiandika dhamana kwa mkono wako. Miezi miwili hutoi. Tumekuandikia mara mbili, umetudharau.”

“Mmeniandikia?” Kicheko kilimwisha. “Shule haijanilipa sare, mama, nilikuwa naona haya kuja. Lakini ningeandikiwa, si ningekuja kuomba muda? Nani aliniandikia?”

“Wenye deni huwa hawajui kusoma,” mmoja alisema nyuma, na wengine wakaguna.

Cleophas alikuwa ameshaingia ndani. Sare zilizokatwa nusu zilianguka sakafuni, meza ya chuma ikakwaruza simenti. Jacinta alishika kizingiti cha mlango kana kwamba nyumba nzima ndiyo iliyokuwa ikiondolewa.

“Katibu,” Mama Walter aliita bila kugeuka, “mwonyeshe ile ya kwanza, tumalize.”

Macho yote yalimgeukia Tryphosa. Ulimi wake uliozoea kusema ndiyo, mama, uliinuka wenyewe kusema hivyo hivyo. Akaushinda.

“Sikuituma,” alisema, kwa sauti iliyowafikia hadi waliokuwa langoni. “Jacinta hajaandikiwa. Niliogopa, halafu nikakudanganya, mama.”