Kurasa Kumi na Nne za Mume na Mke

Wasifu wa mtafiti ulikuwa na kurasa kumi na nne. Mdogo wake, ambaye kazi yake ni kuzitafutia kampuni wafanyakazi, aliufunua huku akikuna kichwa.

"Dada, unaomba kazi au unatunga mtihani?"

Mkataba wake chuoni ulikuwa unaisha mwezi ule, na kiwanda cha maziwa kilikuwa tayari kumsikiliza. Ajira nyingine hakuwa nayo. Basi wakaketi jikoni, wakaanza kupunguza.

Makala kumi na nane kuhusu tabaka la kuzuia ukoko ndani ya mabomba zikawa sentensi moja: mtambo wa kuchemshia maziwa, uliokuwa ukisimamishwa kuoshwa kila baada ya saa nane, katika majaribio ulifika saa kumi na sita. Hotuba za mikutano nazo zikafupishwa: aliwaeleza wahandisi wa viwandani, na kampuni mbili zikaomba majaribio. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi huo, ikaandikwa kwa ukweli wake: imeshatolewa, wavumbuzi wawili, mmiliki ni chuo, na kiwanda kitahitaji leseni.

"Hapo pa 'wavumbuzi wawili' paondoe," mdogo wake alisema. "Wanakuajiri wewe, si shemeji."

"Hapaondoki."

Mdogo mtu akapaacha palivyo. Shemeji yake, mvumbuzi wa pili, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Kwenye makala, mwandishi aliyefariki huwekewa alama ndogo kando ya jina lake. Makala mbili zilizotoka baada ya msiba, mjane alizituma bila alama hiyo. Mhariri hakuuliza. Kwenye karatasi mume wake alikuwa mzima wa afya, na alitaka abaki hivyo. Msimlaumu; aliyepatwa ndiye ajuaye.

Siku ya usaili, meneja wa uzalishaji alikuja na buti zake za mpira, wasifu uliobaki karatasi mbili mkononi.

"Leo nimesoma kitu cha mtafiti nikakielewa," alisema akicheka. "Saa nane za ziada! Sasa niambie, nani alifanya nini?"

Mtafiti alieleza vizuri, kama alivyofanya mazoezi na mdogo wake. Yeye alipima, akasimamia majaribio kiwandani. Mwenzake alitengeneza mchanganyiko wenyewe, akaharibu mitungi arobaini kabla ya kupata unaoshika bombani.

Meneja akamgeukia ofisa wa ajira aliyeketi kando yake, wakanong'ona. Kisha akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi.

"Nafasi tunayo moja, lakini kwa kazi hii nitaomba ya pili. Tungewachukua wote wawili. Yuko wapi huyu mwenzako? Tumpigie sasa hivi."

Ofisa akavuta simu ya mezani karibu, akashika kalamu, akamtazama.

"Namba yake?"

Namba alikuwa anaijua kwa moyo. Midomo ikaanza kuitaja, tarakimu tatu za mwanzo, kabla hajajizuia; kisha akalia mbele ya wageni.

"Amefariki," alisema. Lilikuwa neno fupi kuliko yote aliyotayarisha, nalo kila mtu mle chumbani alilielewa.