Vifurushi vya Namba ya Mama

Wiki tatu baada ya kumzika mama yao, ujumbe wa Okumu, kaka yao wa Dar, uliingia kwenye kundi la familia bila hata salamu. "Akinyi, toka Januari tumetuma laki tatu kila mwezi. Tunataka matumizi yote, mwezi kwa mwezi, kila aina na jumla yake. Ukishindwa, hela ya kuweka msalaba kaburini tutampa mtu mwingine." Roza, dada yao wa Dodoma, akaweka kidole gumba.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ya Okumu ilitoka Dar ikampata Akinyi barabara. Alimuuguza mama yake peke yake katika vyumba viwili vya kupanga mtaani Igogo, akishona nguo za watu huku akisikiliza kama mgonjwa ameita. Sasa hakuna aliyeita. Simu ndogo ya mama ilikaa juu ya kigoda, naye kila jioni aliichaji, hata hajui kwa nini. Ndugu hao wawili ndio waliobaki. Wakimwita mwizi, atakuwa hana mtu.

Aliomba taarifa ya miamala ya simu yake, ikaja kwenye barua pepe, kurasa kumi na nne. Akaipeleka Mabatini, steshenari kwa Kija, dada wa Kisukuma anayejua kompyuta kuliko anavyojua kunyamaza.

"Tuliza moyo, dada," Kija alisema. Alifungua faili kwa neno la siri, akahamishia mistari kwenye Excel, akajumlisha safu ya fedha zilizotoka. Jibu likaja sifuri. Akacheka. "Mikato ya maelfu hii, kompyuta inaona maneno tu." Akaifuta yote, na jumla ikatokea.

Kisha wakaanza kuupa kila mstari aina yake: dawa, chakula, bajaji, umeme. Makato ya mtandao yakapewa safu yake. Laki moja ambayo Akinyi aliihamishia kibubu chake cha simu, kisha akairudisha, Kija aliiondoa kwa sababu haikuwa matumizi. Pesa taslimu alizotoa kwa wakala zilisumbua, maana taarifa haisemi zilinunua nini. Akinyi akamwaga mezani risiti za famasi na za maabara, wakalinganisha tarehe, siku kwa siku. Zile zisizo na risiti wakaziandika hivyo hivyo, hazina risiti.

"Wewe dada unapiga simu!" Kija akashtuka ghafla. "Vifurushi vya Aprili peke yake elfu thelathini na nne!"

"Tazama namba iliyowekewa."

Kija akatazama, akatenganisha. Namba ya Akinyi, elfu nne kwa Aprili. Namba ya mama, Januari elfu nane, Februari elfu nane, Machi elfu kumi na sita, Aprili elfu thelathini, Mei elfu ishirini na moja. Toka Aprili ilikuwa elfu moja kila siku, saa mbili asubuhi, mpaka tarehe ishirini na moja Mei. Alfajiri ya ishirini na mbili mama alifariki.

"Ndugu zako watakuja juu," Kija alisema kwa sauti ya chini. "Tuiandike Mengineyo. Nani ataulizia mengineyo?"

Lilikuwa shauri jema, na amani ingekuwa rahisi hivyo. Lakini Akinyi akilini alimwona mama yake akiminya vitufe kwa kidole kinachotetemeka.

"Iandike ilivyo," alisema. "Vifurushi, namba ya mama."

Jioni akatuma jedwali kwenye kundi. Okumu hakukawia. "Elfu themanini na tatu za vifurushi? Mgonjwa wa kitandani alikuwa anampigia nani? Au ulikuwa unatumia laini yake?"

Akinyi aliandika bila kufuta hata neno. "Alikuwa anawapigia ninyi. Kifurushi cha siku kinakwisha baada ya saa ishirini na nne, simu ipokelewe isipokelewe. Asubuhi ananiambia, niwekee kingine, jana walikuwa kazini."

Alama za kusomwa zikatokea, ya Roza, kisha ya Okumu. Akinyi aliwasha taa, akapasha ugali wa mchana, akaketi peke yake na sahani moja.

Simu ikaita. Haikuwa yake. Juu ya kigoda ile simu ndogo ilikuwa inatetemeka, na kwenye kioo chake jina liliandikwa OKUMU. Akinyi aliinuka, akanyoosha mkono, akaurudisha. Aliyepigiwa hakuwa yeye. Akasimama pale akilia, akaiacha iite mpaka ikakatika.